Leseni ya fundi ndege haitolewi na chuo

*"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 20, nimemaliza sekondari na fizikia na hisabati nimefaulu vizuri. Urubani nimeuweka kando kwa sababu ya ada. Kuna chuo kinatangaza kozi ya miezi 18, wanasema ukimaliza unatoka na leseni ya uhandisi wa ndege. Mjomba ananiambia huo ni ufundi tu, nisome digrii ya uhandisi wa anga. Halafu mimi navaa miwani tangu utotoni, na nimesikia mwenye miwani hapokelewi popote kwenye mambo ya ndege. Nikikwama kwa mafundi, nijaribu kuongoza ndege mnarani au uhudumu wa ndani ya ndege? Ada inatakiwa mwezi ujao."*

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo ada ishikilie kwanza. Sisemi chuo hicho ni cha matapeli, maana sikijui. Ila sentensi yao moja, kwamba unatoka na leseni, ina kasoro, na ukiielewa kasoro hiyo utakuwa umeielewa nusu ya fani yenyewe.

Leseni ya fundi ndege hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi. Chuo kinatoa cheti cha kumaliza masomo, basi. Kanuni mama zimo katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, kinachosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Humo mwombaji anatakiwa awe na angalau miaka 18, afaulu mitihani, na awe na miaka 4 ya kazi ya kukagua, kuhudumia na kutengeneza ndege. Miaka hiyo 4 inashuka kuwa 2 kwa aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa. Kwa hiyo katika nchi zinazofuata mtindo huo, hata chuo kikiwa bora namna gani, siku ya mahafali bado una miaka miwili ya kushika spana mbele yako.

Hiyo miezi 18 huenda imeokotwa Marekani. Kule fundi anayepitia njia ya kazini huonyesha miezi 18 ya uzoefu akitaka leseni ya bodi ya ndege peke yake au ya injini peke yake, na miezi 30 akizitaka zote mbili kwa pamoja. Mhitimu wa shule iliyoidhinishwa na mamlaka yao huruhusiwa kuingia kwenye mitihani bila kusubiri miezi hiyo. Lakini hata kule leseni inatoka kwa mamlaka, baada ya mtihani wa kuandika, wa mdomo na wa vitendo. Swali la kukiuliza chuo chako, basi, ni hili: leseni ya mamlaka gani, na daraja gani?

Kwa nini wagumu hivyo? Kwa sababu kinachouzwa na leseni ni sahihi yako. Ndege ikishafanyiwa kazi hairuki mpaka mtu mwenye mamlaka ya kufanya hivyo aandike kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege kwamba kazi imefanyika ipasavyo na ndege inafaa kurudi kazini. Rubani akiiona sahihi hiyo anaondoka. Hawezi kufungua kila kifuniko kuhakikisha, hana muda huo wala hakusomea. Anaiamini sahihi.

Kuna tukio ambalo mafundi wengi hulisoma darasani, nami nitakupa kwa kirefu kwa sababu linagusa kila kazi uliyoitaja, hata miwani yako. Juni 10, 1990, ndege ya shirika la ndege la Uingereza aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham kwenda Malaga. Dakika kama 13 baadaye, ikiwa inapanda kupita futi 17,000, kioo cha mbele upande wa kapteni kiling'oka kikaenda zake. Hewa ya ndani ikatoka kwa kishindo na kapteni akavutwa nje kupitia dirishani, kiwiliwili chake kikabaki juu ya pua ya ndege, miguu imenasa ndani.

Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa usiku, saa 27 tu kabla ya safari hiyo. Kilishikwa na bolti 90. Wachunguzi walipozihesabu walikuta bolti 84 ni nyembamba kuliko zinazotakiwa, na 6 zilizobaki ni nene sawasawa ila ni fupi. Wembamba wenyewe ulikuwa kama milimita 0.66 kwenye kipenyo. Kioo kilifungwa kutokea nje, kwa hiyo mgandamizo wa hewa ndani ya ndege ulikuwa unakisukuma kutoka. Chini haukuwapo mgandamizo wa kukisukuma, kikakaa kimya. Juu kikaondoka.

Aliyekifunga hakuwa mwanafunzi. Alikuwa msimamizi wa zamu, mtu mzoefu. Usiku ule watu walikuwa wachache, akaamua kuifanya kazi mwenyewe. Alipotoa bolti za zamani alitaka zinazofanana nazo, lakini hizo za zamani zenyewe hazikuwa sahihi, maana zilikuwa zile fupi. Hakuthibitisha namba ya bolti kwenye katalogi ya vipuri. Mtunza stoo alimtajia ukubwa unaotumika kwenye kioo kile, yeye akashikilia kufananisha na zilizotoka. Bolti zikawa hazitoshi stoo, akaenda kwenye rafu nyingine yenye mwanga hafifu akalinganisha kwa macho. Ripoti ya uchunguzi ilibainisha pia kwamba alikuwa anahitaji miwani ya kusomea maandishi madogo na hakuivaa akiwa kazini. Wakati wa kukaza, bisibisi yenye kikomo cha nguvu ilikuwa inaruka kama inavyofanya bolti ikishakaa, kumbe ni nyuzi za bolti nyembamba ndizo zilizokuwa zinateleza. Vichwa vya bolti hizo vilizama kwenye matundu yake kuliko kawaida, na hiyo ndiyo dalili ambayo jicho lingeweza kuiona kama lingetazama pale. Akamaliza, akasaini. Kwa kuwa kazi ya kioo haikuwa kwenye orodha ya kazi zinazodai mkaguzi wa pili, hakuna mwingine aliyeitazama.

Kapteni alipona. Kila aliyekuwamo alipona. Nitarudi baadaye kwa waliomwokoa, maana ni watu wa zile kazi mbili nyingine ulizouliza.

Sasa angalia miaka miwili ya uzoefu inakufundisha nini. Kufungua na kufunga bolti utajifunza kwa wiki moja. Kinachochukua miaka ni tabia: kufungua katalogi hata kama unaijua namba kwa moyo, kukataa kipuri kisicho na karatasi zake, kuhisi mkononi kwamba mkazo huu si ule wa jana, na kukataa kusaini saa kumi alfajiri wakati kila mtu anaitaka ndege. Hayo hayapimwi kwa maswali ya kuchagua majibu.

Leseni zenyewe zina madaraja. Nitatumia mfumo wa Ulaya, ule wa mamlaka yao ya usalama wa anga, EASA, kwa kuwa nchi kadhaa nje ya Ulaya zimejenga mifumo yao kwa kuuiga. Daraja A ni fundi wa kazi ndogo za uwanjani, kama kubadilisha gurudumu au taa, na anasaini kazi aliyoifanya yeye mwenyewe tu. B1 ni mtu wa bodi, injini na mifumo ya kimakanika pamoja na umeme, B1.1 ndiyo ya ndege zenye injini za tabo, yaani hizi kubwa unazoziona. B2 ni mtu wa elektroniki: redio, rada, rubani wa kujiendesha, na nyaya zisizo na mwisho. C husaini kurudi kazini kwa ndege nzima baada ya matengenezo makubwa ya hangani. Kwa mtu mwenye fizikia na hisabati kama wewe, mjadala ni B1 au B2. Kama wewe ni wa kufungua mashine kujua inavyozunguka, nenda B1. Kama unafurahia kutafuta hitilafu usiyoiona kwa mita na mchoro wa nyaya, B2, na B2 wazuri ni adimu.

Mitihani ya B1.1 imegawanywa katika moduli, zikiwamo hisabati, fizikia, umeme, elektroniki, vifaa na metali, mbinu za matengenezo, mwendo wa hewa, mifumo ya ndege, injini ya tabo, propela, sheria, na moja ambayo vijana huidharau, inayohusu makosa ya kibinadamu. Kile kisa cha bolti ni cha moduli hiyo. Alama ya kufaulu kila moduli ni asilimia 75, na swali la kuchagua linapewa wastani wa sekunde 75. Sekunde 75 zinatosha kwa anayejua, hazitoshi kwa anayekisia.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kozi kamili iliyoidhinishwa. Kwa B1.1 kima cha chini ni saa 2,400 za mafunzo, na kati ya nusu na asilimia 60 ya muda huo ni darasani, unaobaki ni vitendo. Kwa ratiba ya kawaida hiyo ni miaka miwili au zaidi kidogo. Hapo unadaiwa miaka 2 ya uzoefu kwenye ndege zinazofanya kazi. Njia ya pili ni kuajiriwa kama msaidizi wa fundi, ukajisomea na kufanya moduli moja moja. Hapo unadaiwa miaka 5, au 3 kama tayari una ufundi mwingine unaotambuliwa kuwa unafaa.

Tukuhesabie wewe. Una miaka 20. Ukianza kozi iliyoidhinishwa mwaka huu unaimaliza ukiwa na 22 na kitu, na uzoefu unaukamilisha ukikaribia 25. Ukipata kazi ya usaidizi karakanani leo, na mitihani ukaifanya huku unafanya kazi, unafika leseni ile ile ukiwa na 25. Tofauti ya muda ni ndogo kuliko watu wanavyodhani! Tofauti kubwa ni kwamba huku unalipa ada na kule unalipwa ujira, ingawa mdogo. Ugumu wa njia ya pili ni mlango: karakana nyingi hazichukui mtu asiye na cheti chochote, na kujisomea moduli za umeme baada ya zamu ya usiku kunawashinda wengi. Mimi mwenyewe moduli ya elektroniki niliirudia mara mbili. Lakini ukiwa na mtu wa kukuingiza karakanani, usiidharau njia hii.

Hata leseni ikitoka, jambo moja bado. Leseni ya B1.1 peke yake haikupi ruhusa ya kusaini ndege kubwa ya abiria. Unahitaji idhini ya aina ya ndege hiyo, inayopatikana kwa kozi ya darasani na ya vitendo ya aina ile mahususi, na kwa aina ya kwanza kabisa unafanyishwa pia mafunzo ya kazini chini ya fundi mwenye idhini. Kisha mwajiri wako naye akupe kibali chake cha kusaini kwa niaba ya karakana. Kozi ya aina ya ndege ni ghali, na kwa kawaida hulipwa na mwajiri kwa mkataba wa kumtumikia muda fulani. Kijana aliyejilipia kozi ya aina ya ndege ambayo hakuna mwajiri wake anayeiendesha amenunua karatasi, kwa sababu sehemu ya vitendo inapoa haraka.

Sasa nikuonyeshe uzoefu unavyohesabiwa, maana hapa ndipo vijana wengi hupoteza miaka. Tuseme umepangiwa kusaidia kubadilisha gurudumu kuu. Ndege inazuiwa kwa vigingi, jeki inawekwa chini ya mguu, gurudumu linanyanyuliwa. Nati ya ekseli inafunguliwa, gurudumu linatolewa, beringi na ekseli zinakaguliwa na kupakwa grisi inayotajwa kwenye mwongozo. Gurudumu jipya likiingia, nati inakazwa kwanza kwa nguvu kubwa huku mwenzako analizungusha gurudumu ili beringi zikae vizuri, halafu inalegezwa, kisha inakazwa tena kwa kipimo kidogo cha mwisho, inafungiwa isijifungue. Tairi lina naitrojeni yenye mgandamizo wa mara sita hivi ya tairi la gari dogo, na hicho nacho kinapimwa. Ukiruka ile hatua ya kuzungusha, nati itaonyesha imefika kipimo lakini beringi zimekaa upande, na zitaanza kulegea baada ya ndege kutua mara chache.

Ukimaliza, kwenye kitabu chako cha uzoefu usiandike "nilisaidia gurudumu". Andika tarehe, namba ya usajili wa ndege, aina yake, sura ya 32 ambayo ni ya magurudumu na miguu ya ndege katika mpangilio wa kimataifa wa sura za matengenezo, namba ya kazi kama ilivyo kwenye kadi, na wewe hasa ulifanya nini: ulitoa, ulifunga, ulipima, au ulitazama. Kisha fundi aliyesimamia aweke sahihi na namba yake ya leseni. Mamlaka ikipitia kitabu inatafuta upana: sura tofauti za ndege, kazi za aina tofauti. Ukiwa na magurudumu 200 na hakuna kazi hata moja ya mafuta, ya umeme au ya injini, utarudishwa.

Nami niliwahi kuachia kurasa za miezi minane bila sahihi nikisema nitasainiwa zote siku moja. Msimamizi wangu akahama kazi, aliyemrithi akakataa kusaini kazi ambayo hakuiona, na alikuwa sahihi kabisa. Ile miezi minane nikairudia. Wewe peleka kitabu kila Ijumaa.

Kuhusu mjomba. Ana heshima yake, lakini amechanganya kazi mbili. Digrii ya uhandisi wa anga inamtoa mtu wa kubuni, kupiga hesabu za nguvu na uchovu wa metali, kuandaa mipango ya matengenezo, au kukaa ofisi ya kiufundi ya shirika la ndege akiamua kama bati lenye ufa wa urefu fulani linaweza kuruka mpaka lini. Ni kazi nzuri sana. Ila mhandisi huyo mwenye digrii haruhusiwi kusaini gurudumu. Katika mfumo wa EASA digrii inaweza kumfikisha daraja C kwa njia yake, baada ya uzoefu wa miaka 3 ukiwamo muda wa hangani, lakini njiani humo hapati B1. Kama unachokitaka ni mikono kwenye ndege, digrii itakuchelewesha. Kama unavutiwa na hesabu kuliko spana, msikilize mjomba.

Turudi kule angani, 1990. Mhudumu mmoja wa ndani alikuwa chumba cha marubani muda huo huo. Alimdaka kapteni kiunoni akamng'ang'ania, mikono ikafa ganzi kwa baridi, wenzake wakaja kumpokea. Wengine walirudi kwa abiria. Hiyo ndiyo kazi ya uhudumu, chai na tabasamu ni sehemu inayoonekana tu. Aina mpya ya ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kubeba abiria mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango, na kanuni nyingi zinadai mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Mafunzo yake hutolewa au hulipiwa kwa kawaida na shirika linalokuajiri: kuzima moto, kuingia chumba chenye moshi, kuelea majini, kufungua milango ya aina ile ya ndege, na marudio kila mwaka. Kwa hiyo vyuo binafsi vya uhudumu vinavyotoza ada kubwa kabla hujaajiriwa vitazame kwa jicho kali. Ukiajiriwa utafundishwa upya tangu mwanzo. Mashirika hupima pia kama unafikia kabati la juu. Miwani au lenzi kwa wengi si tatizo.

Rubani msaidizi naye alikuwa anaongea na mwongoza ndege huku kelele za upepo zikimzuia kusikia majibu. Walimwelekeza Southampton, akatua. Kuongoza ndege ndiyo kazi pekee kati ya hizi tatu ambayo, kwa kanuni za ICAO, inadai cheti cha afya, cha daraja la 3, na leseni yake hutolewa kuanzia miaka 21. Kiingereza unapimwa kwenye ngazi sita na unatakiwa angalau ya 4, inayorudiwa upimwaji kila miaka mitatu. Njia yake ni tofauti kabisa na ya fundi: mara nyingi huendi chuoni ukitafuta kazi, unaomba kazi kwa taasisi inayoongoza anga, unapewa mtihani wa kipaji, na ukipita wanakufundisha. Mtihani huo haupimi maarifa. Unapimwa kama unaweza kushika akilini vitu vitano vinavyosogea kwa wakati mmoja huku unasikiliza na kuongea. Wapo wenye alama kali za hisabati wanaoanguka hapo, na wapo wa kawaida wanaopita kama wanacheza. Baada ya mashine ya kuigiza unakaa kwenye kiti halisi, mwalimu nyuma yako. Kwa mnara ICAO inataka angalau saa 90 au mwezi mmoja, kipi kirefu, kwenye kituo kile kile utakachofanyia kazi. Ukihamia kituo kingine unajifunza tena njia zake. Nafasi hufunguliwa chache na kwa vipindi, kwa hiyo zikitangazwa omba, haikuzuii kuendelea na ufundi.

Miwani sasa. Uliyoyasikia si kweli. Leseni ya fundi katika Kiambatisho cha 1 haina kipimo cha afya kabisa. Mwongoza ndege anapimwa macho, lakini kwa kuona mbali akifikia 6/9 kwa kila jicho na 6/6 kwa macho mawili pamoja, miwani ikiwa usoni, anapita. Kinachoweza kukuzuia ni rangi. Mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani atapata shida kubwa mnarani, na kwa upande wa mafundi waajiri wengi hupima rangi wenyewe kwa sababu nyaya, taa za tahadhari na alama za mabomba husomwa kwa rangi. Watu wengi wenye kasoro hii hawajijui. Kipimo cha kadi zenye vidoti ni cha dakika chache kwa daktari wa macho. Kifanye wiki hii, kabla ya ada. Kama una shaka na majibu na bado unautaka mnara, muone daktari aliyeidhinishwa kupima watu wa usafiri wa anga, maana wa kawaida hana mamlaka ya kukuambia umepita au umeshindwa.

Kisha nenda chuoni, usipige simu. Omba kuona hati ya idhini yao ya mafunzo ya matengenezo ya ndege. Tazama vitu vitatu humo: imetolewa na mamlaka ipi, muda wake haujaisha, na imetaja daraja gani. Vyuo vingine vina idhini ya daraja A peke yake halafu tangazo linasema uhandisi. Kwa A1, ya ndege za tabo, kozi ni ya saa 800, ambazo miezi 18 inazimeza kwa raha. Kwa saa 2,400 za B1.1 miezi 18 ni kubana sana. Waulize vitendo vinafanyika wapi. Wakikuonyesha injini iliyokatwa na mabawa mawili kwenye banda, sawa, ni nzuri kwa kujifunzia, lakini uliza pia wana mkataba na karakana gani inayohudumia ndege zinazoruka, na wahitimu wawili wa mwaka jana wako wapi. Omba kuongea nao.

Nakala ya hati hiyo ichukue, uende nayo ofisi ya leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako. Waulize maswali mawili tu: chuo hiki kimo kwenye orodha yenu, na nikimaliza hapa mtanidai uzoefu wa miaka mingapi? Kama idhini ni ya nchi nyingine, waulize kama wanaitambua, kwa sababu leseni ya nchi moja haitumiki nyingine bila utaratibu wa kuibadili au kuithibitisha. Wakikujibu kwa maandishi, hapo ndipo ada inaweza kutoka mfukoni. Chuo kikikataa kukupa nakala ya hati, umeshajibiwa.